Ujumbe Nilioufuta Kwenye Slack: Je, Mwajiri Bado Anaweza Kuusoma?

> *Swali: Mimi ni mhasibu Dar es Salaam, katika kampuni ambayo makao yake makuu yako Nairobi. Mawasiliano yetu yote ya kazi ni ya Slack. Mwezi uliopita nilimwandikia mwenzangu, sisi wawili tu, maneno makali kuhusu bosi wetu, na katika mazungumzo hayohayo nikamweleza habari za matibabu yangu. Jioni yake nikafuta. Sasa mwenzetu mmoja ananiambia mtu wa TEHAMA anasoma kila kitu, na mwingine ananiambia kilichofutwa kimefutwa. Nani yuko sahihi? Na je, tuhamie WhatsApp?*

Ndugu yangu, wenzako wote wawili wameshika upande mmoja tu wa jambo. Katika siku za kawaida hakuna mtu wa TEHAMA anayekaa na kusoma mazungumzo ya watu wawili ndani ya Slack, kwa sababu mfumo wenyewe haumpi pa kupitia. Lakini kampuni, ikiwa ndiyo mwenye akaunti, inaweza kwa utaratibu maalumu kupata nakala ya mazungumzo hayo, na iwapo nakala hiyo itakuwa na maneno uliyoyafuta inategemea mpangilio mmoja ambao mmiliki wa akaunti aliuchagua, pengine miaka kadhaa kabla wewe hujaajiriwa. Bahati nzuri ni kwamba mpangilio huo unaweza kuusoma mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa, na nitakueleza ulipo.

Tuanze na bosi wako, kwa kuwa ndiye unayemwogopa. Cheo chake kazini hakimpi chochote ndani ya Slack. Ikiwa yeye ni mtumiaji wa kawaida kama wewe, anaona chaneli za wazi, chaneli za faragha alizoalikwa, na mazungumzo ambayo yeye mwenyewe ni mshiriki. Mazungumzo yako na mwenzako hayatokei hata akitafuta jina lako kwenye kisanduku cha utafutaji, kwa sababu utafutaji unapekua mahali ambapo anayetafuta ana ruhusa ya kuingia tu.

Anayemfuata ni msimamizi, yaani huyo mtu wa TEHAMA. Yeye ana ukurasa wa usimamizi ambao wengine hawauoni, na hapo ndipo uvumi unapoanzia. Katika vifurushi vya kulipia, ukurasa huo unamwonyesha kila mfanyakazi alikuwa hai siku ngapi na ametuma ujumbe mara ngapi. Kumbukumbu za kuingia, kwa upande wake, zinaonyesha tarehe, aina ya kifaa na anwani ya mtandao iliyotumika. Kwa hiyo inawezekana ajue kwamba siku fulani uliandika sana, na kwamba uliingia kwa simu badala ya kompyuta ya ofisi. Hizo ni hesabu, hazina maneno ndani yake, na hakuna kitufe cha kumfungulia mazungumzo yako na mtu mwingine.

Kuna njia moja ya kuzunguka ambayo ni lazima niitaje. Mtu anayesimamia barua pepe za kampuni anaweza, akiamua kuvuka mpaka, kuomba msimbo wa kuingia kwenye Slack kwa jina lako, kisha kuusoma kwenye sanduku lako la barua pepe na kuingia kama wewe. Huo ni uvamizi wa akaunti na unaacha alama. Fungua `my.slack.com/account/logs` utazame orodha ya mahali akaunti yako ilipofunguliwa. Ukikuta kifaa usichokijua, au anwani ya mtandao usiyoitambua, piga picha ya ukurasa huo mara moja na uihifadhi nje ya kompyuta ya kazini.

Mwenye nguvu halisi ni mtu wa tatu, yule anayeandikwa `Workspace Owner`. Katika kampuni nyingi huyu ni mkurugenzi, mwanzilishi au mkuu wa TEHAMA. Hata yeye hasomi mazungumzo yako kwenye skrini moja kwa moja. Anachoweza kufanya ni kupakua nakala ya jumla ya yaliyomo, na upana wa nakala hiyo hutegemea kifurushi ambacho kampuni inalipia. Katika kifurushi cha bure na kile cha `Pro`, mmiliki anaweza kupakua chaneli za wazi kwa uamuzi wake mwenyewe. Akitaka chaneli za faragha na mazungumzo ya watu wawili, hana budi kuwaandikia Slack na kuonyesha msingi wa ombi lake: amri halali ya kisheria, ridhaa ya wahusika, au haki au wajibu unaotokana na sheria inayomhusu. Katika kifurushi cha `Business+`, mmiliki huomba mara moja kuwashiwa chombo cha kupakua mazungumzo yote, na akishakubaliwa anaweza kukitumia tena na tena bila kumweleza mtu yeyote wa Slack sababu ya kila upakuaji. Vifurushi vikubwa zaidi, vile vya `Enterprise`, vinaruhusu kupakua mazungumzo ya mfanyakazi mmoja aliyetajwa, na hata kuunganisha programu ya nje inayokusanya kila ujumbe kadiri unavyotumwa.

Jambo linalowashangaza watu wengi ni kwamba hutapata taarifa upakuaji ukifanyika. Zamani, kampuni iliyowasha upakuaji wa mazungumzo ya faragha ilikuwa haiwezi kufanya hivyo kimyakimya, kwani watumiaji walijulishwa kwamba umewashwa. Slack iliondoa utaratibu huo mwaka 2018, ilipobadilisha vyombo vyake vya upakuaji kuelekea kuanza kwa sheria mpya ya faragha ya Ulaya, na jukumu la kuwaambia wafanyakazi likabaki kwa mwajiri. Kwa hiyo ukimya wa Slack usiuchukue kuwa ushahidi kwamba hakuna kilichopakuliwa.

Ni vizuri pia ujue nakala hiyo inafananaje, kwa sababu watu huwazia skrini yao ileile ikiwa mbele ya bosi. Inakuja kama faili moja la `ZIP`, na ndani yake kila mazungumzo yana folda yake, na kila siku ina faili lake lenye jina la tarehe. Tuseme ulimwandikia mwenzako Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa 4:14 asubuhi. Ndani ya faili liitwalo `2025-02-11.json` ujumbe wako ungeonekana hivi:

```
{
  "type": "message",
  "user": "U04KT7M2Q",
  "text": "Huyu bosi hajui hata kusoma hesabu.",
  "ts": "1739258040.118249"
}
```

Jina lako halipo hapo. Kuna utambulisho wako, ambao msomaji anaulinganisha na faili lingine liitwalo `users.json` ili ajue ni wa nani. Namba ya mwisho ni wakati, uliohesabiwa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, hivyo ukiigeuza bila uangalifu utapata saa 1:14 asubuhi badala ya saa 4:14, kwa kuwa Dar es Salaam iko mbele kwa saa tatu. Nimekaa kidogo kwenye namba hii kwa sababu tofauti ya saa tatu inaweza kumfanya mtu adaiwe kwamba aliandika jambo kabla ya kikao, wakati ukweli ni kwamba aliliandika baada ya kikao kwisha.

Sasa tufike kwenye kitufe cha kufuta, ambacho ndicho kiini cha swali lako. Ukibonyeza kufuta, ujumbe unaondoka kwenye skrini yako na ya mwenzako papo hapo, na hapo ndipo uwezo wa kitufe hicho unapoishia. Kama maneno yenyewe yanabaki mahali fulani au la, hilo linaamuliwa na sera ya uhifadhi. Wewe ni mhasibu, basi nitatumia mfano wa kwenu: kuna ofisi ambako kosa kwenye leja linakatwa kwa mstari mmoja na tarakimu ya zamani inabaki kusomeka, na kuna ofisi ambako ukurasa unachanwa na kuandikwa upya. Slack inaweza kuwekwa iwe ofisi ya namna yoyote kati ya hizo mbili.

Katika vifurushi vya kulipia, mmiliki hujibu maswali mawili. La kwanza ni je, ujumbe ukae kwa muda gani: daima, kwa maana ya maisha yote ya akaunti, au kwa idadi ya siku anazozitaja yeye. Asipogusa chochote, ujumbe unakaa daima. La pili ni je, kumbukumbu za marekebisho na ufutaji zitunzwe au zisitunzwe. Hili la pili halizungumzwi sana maofisini, na kwako wewe ndilo lenye uzito.

Turudi kwenye ujumbe wa saa 4:14 na tuufuate. Tuseme saa 4:20 uliona maneno yamekuwa makali mno, ukaurekebisha usomeke, "Bosi hajazisoma hesabu vizuri." Kisha saa 10:05 jioni ukaufuta kabisa. Ikiwa kampuni yenu imechagua kutunza marekebisho na ufutaji, basi atakayepakua nakala ataona hatua zote tatu: maneno ya mwanzo, maneno yaliyorekebishwa na kwamba uliufuta, kila moja na wakati wake. Katika hali hiyo kufuta hakukuficha kitu. Kumeonyesha tu kwamba ulijutia. Ikiwa kampuni imechagua kutotunza marekebisho, basi baada ya saa 10:05 upakuaji hautakuwa na ujumbe huo. Na kama usingeufuta, ukaishia kwenye marekebisho ya saa 4:20, upakuaji ungeonyesha maneno mapya pamoja na alama kwamba yaliwahi kurekebishwa na saa yake, lakini maneno ya kwanza yasingekuwamo.

Njia ya tatu ni ile ya idadi ya siku. Tuseme mmiliki ameweka siku 90. Siku hizo zikipita, mfumo wenyewe unaondoa ujumbe pamoja na kumbukumbu zake za marekebisho, na kilichoondolewa namna hiyo hakirudishwi. Kabla ya siku 90 kwisha, chukulia kwamba kumbukumbu za ufutaji zipo. Mmiliki anaweza pia kuweka muda tofauti kwa chaneli za wazi, za faragha na mazungumzo ya watu wawili, na anaweza kuwaruhusu wafanyakazi wajichagulie muda katika mazungumzo yao wenyewe. Makampuni machache hutoa ruhusa hiyo. Ikiwa yenu ni mojawapo, utaona sehemu ya kubadilisha muda katika mipangilio ya mazungumzo husika.

Kifurushi cha bure kina mambo yake. Huko watumiaji wanaona siku 90 za mwisho tu, na watu wengi wanadhani kilichozama zaidi ya hapo kimepotea. Hakikupotea, kimefichwa, na kampuni ikianza kulipia kinarudi kuonekana. Tangu mwishoni mwa Agosti 2024 Slack imeanza kufuta kabisa kile kilichopita mwaka mmoja katika akaunti za bure, lakini kati ya siku 90 na mwaka mmoja kuna akiba ambayo macho yako hayaioni na bado ipo.

Basi fanya hivi. Ukiwa umeingia kwenye Slack kupitia kivinjari, fungua `my.slack.com/account/workspace-settings` na uende kwenye kichupo cha `Retention & Exports`. Mfanyakazi wa kawaida anaruhusiwa kuusoma ukurasa huo ingawa hawezi kuubadilisha. Tafuta mambo mawili. Kwanza, soma ujumbe unatunzwa kwa muda gani na kama marekebisho na ufutaji vinatunzwa. Pili, soma sehemu ya upakuaji uone kama wamiliki wanaweza kupakua chaneli za wazi pekee au mazungumzo yote. Ukikuta ni za wazi pekee na marekebisho hayatunzwi, ujumbe wako wa mwezi uliopita kwa upande wa Slack umekwenda. Ukikuta mazungumzo yote na marekebisho yanatunzwa, elewa kwamba maneno yale yapo na yanaweza kusomwa siku ambayo kampuni itakuwa na sababu ya kuyatafuta. Usisahau kwamba mpangilio huo unaweza kubadilishwa kesho, na kwa kawaida mabadiliko ya kutunza yanaanza na yajayo. Maneno ambayo yalishafutwa wakati hayatunzwi hayarudi kwa kuwasha kitufe baadaye.

Kuna hali moja inayozidi nguvu sera yoyote. Kampuni ikishtakiwa, au ikitarajia kushtakiwa, mawakili wake wanaweza kuagiza mazungumzo ya wafanyakazi fulani yazuiwe yasifutike. Vifurushi vya `Enterprise` vina chombo maalumu cha kazi hiyo, na kuanzia hapo kila anachoandika mtu aliyetajwa kinatunzwa hata akikifuta na hata siku za sera zikipita. Mtu huyo haoni tofauti yoyote kwenye skrini yake. Kwa hiyo mtu aliyeko katikati ya mgogoro wa kikazi asitegemee kile alichokisoma kwenye ukurasa wa mipangilio.

Kwa wasomaji wengine ambao ofisi zao zinatumia Microsoft Teams, mantiki ni ileile ila mahali pa kutunzia ni tofauti. Huko kila mazungumzo yana nakala kwenye folda iliyofichwa ndani ya sanduku la barua pepe la kila mshiriki, ambayo mshiriki mwenyewe haioni. Msimamizi wa kawaida hawezi kuifungua. Anahitaji kupewa jukumu la uchunguzi katika mfumo wa Microsoft Purview, na kutoka hapo anaweza kutafuta kwa neno, kwa jina na kwa tarehe. Ukifuta ujumbe huku sera ya kutunza ikiwa imewekwa, nakala yake inahamishiwa folda nyingine iliyofichwa na inasubiri huko mpaka muda wa sera uishe. Tatizo la Teams ni kwamba mfanyakazi hana ukurasa unaomwonyesha sera yote kwa ukamilifu kama ule wa Slack. Inabidi aulize kwa maandishi.

Na kuuliza ni haki yako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayosimamiwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa kuwa wewe unafanya kazi Dar es Salaam na kampuni iko Nairobi, zote mbili zinaweza kukugusa. Hakuna kati ya hizo inayomkataza mwajiri kutunza mawasiliano ya kazi. Zinachomtaka ni kwamba akueleze mapema anakusanya nini na kwa madhumuni gani, asitunze kupita muda ambao madhumuni hayo yanahitaji, na akuonyeshe taarifa zako ukiziomba. Chini ya kanuni za Kenya za mwaka 2021, ombi la kuonyeshwa taarifa zako linatakiwa lijibiwe ndani ya siku saba.

Hapa ningependa utenganishe mambo mawili uliyoyaandika siku ile. Maneno kuhusu bosi ni suala la nidhamu na busara, na sheria ya taarifa binafsi haitakukinga sana nayo. Habari za matibabu yako ziko kwenye daraja lingine, kwa sababu sheria za nchi zote mbili zinaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, ambazo mtu haruhusiwi kuzishughulikia kiholela. Mwajiri aliyepakua mazungumzo yako kwa ajili ya kuchunguza malipo ya mteja, kisha akasambaza kurasa zinazoeleza ugonjwa wako, ana swali gumu la kujibu hata kama upakuaji wenyewe ulikuwa halali.

Uzito wa kuarifiwa mapema unaonekana vizuri katika kesi ya Bărbulescu dhidi ya Rumania. Mfanyakazi huyo alifungua akaunti ya Yahoo Messenger kwa agizo la mwajiri ili awajibu wateja. Mwaka 2007 mwajiri alirekodi mazungumzo yake kwa siku kadhaa za mwezi Julai, akamwekea mezani kurasa 45 zilizokuwamo mazungumzo yake na kaka yake na mchumba wake, kisha akamfukuza. Tarehe 5 Septemba 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwa kura 11 dhidi ya 6, iliamua kwamba haki yake ya faragha haikulindwa, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba haikuthibitika kuwa aliarifiwa mapema kuhusu upana wa ufuatiliaji na kwamba maneno yenyewe yangesomwa. Uamuzi huo haulazimishi mahakama za Tanzania wala Kenya, lakini unaonyesha maswali ambayo wakili mzuri atayauliza: uliambiwa nini, lini, na kwa maandishi gani? Kwa hiyo tafuta mkataba wako na mwongozo wa wafanyakazi, usome sehemu ya matumizi ya vifaa na mawasiliano. Mara nyingi ridhaa ambayo mtu hakumbuki kuitoa imo humo, na sahihi yake iko chini.

Kuhusu WhatsApp, jibu langu ni ndiyo kwa baadhi ya mambo na hapana kwa mengine. Ni kweli kwamba maneno yanayopita humo yamefumbwa kutoka simu hadi simu, na kampuni haina chombo cha kuyapakua kwa wingi. Hata hivyo, ukiunganisha WhatsApp kwenye kompyuta ya ofisi, programu ya ufuatiliaji iliyowekwa kwenye kompyuta hiyo inaweza kupiga picha ya skrini bila kujali ni programu gani iliyofunguliwa. Na mwenzako anaweza kupiga picha ya mazungumzo yenu kwenye chombo chochote kile. Katika migogoro ya kazini ninayoletewa, hiyo ndiyo njia ambayo maneno hufika kwa bosi mara nyingi kuliko upakuaji wowote wa mmiliki. Habari za afya yako, ndoa yako na hasira zako zizungumzie kwa simu yako binafsi, kwa laini yako na nje ya mtandao wa ofisi, au kaeni chini mzungumze.

Mambo ya kazi yaache Slack, na hapo nakuomba usiwe na haraka. Wewe ni mhasibu. Siku bosi atakapokuandikia, "Lipa hii ankara leo, nyaraka zitafuata," unataka maneno hayo yawe mahali ambapo kampuni inayatunza na wewe unaweza kuyaonyesha. Yakihamia WhatsApp yenye ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, wewe ndiye utakayebaki na malipo yasiyo na maelezo. Sera ileile ya uhifadhi inayokutia hofu leo inaweza kuwa ndiyo itakayokutetea.

Lingine ni kuhusu kufuta zaidi. Ikiwa hakuna mgogoro wowote, kufuta ujumbe wako wa binafsi hakuna ubaya, mradi mwongozo wa kampuni haukatazi. Lakini ukishapewa barua ya kujieleza, au ukisikia uchunguzi umeanza, usiguse chochote. Pale ufutaji unapotunzwa, kila ujumbe utakaoufuta unaandikwa na saa yake, na mtu anayekabiliwa na kosa dogo la lugha chafu anaweza kujikuta anatuhumiwa kuharibu ushahidi, ambalo ni kosa kubwa zaidi.

Mpaka hapo ulipo sasa, kwa maelezo uliyonipa, sioni sababu ya kumtafuta wakili. Soma ukurasa wa mipangilio, soma mkataba, halafu uendelee na kazi. Hali ikibadilika, yaani ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu na kuonyeshwa maneno yako, au ukigundua habari za ugonjwa wako zimesambaa ofisini, hapo usitegemee maelezo ya kwenye maandishi kama haya. Nenda kwa wakili wa masuala ya kazi au kwa chama chenu cha wafanyakazi kama kipo, ukiwa na mkataba, mwongozo, barua ulizopewa na picha ya ukurasa wa `Retention & Exports` yenye tarehe. Kwanza kabisa mwonyeshe wakili mwajiri aliyetajwa kwenye mkataba ni kampuni ya Nairobi au tawi lililosajiliwa Tanzania, kwa kuwa hilo ndilo linaloamua shauri lifunguliwe wapi. Ikiwa ni Tanzania na umeachishwa kazi, shauri la kuachishwa linatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na watu wengi huzipoteza siku hizo wakisubiri ofisi ya utawala iwajibu barua.

Na ndani ya kikao chenyewe, ukiletewa karatasi iliyochapwa yenye sentensi mbili tatu za kwako, omba faili halisi la siku nzima, pamoja na namba za wakati na ujumbe wa mwenzako uliotangulia na uliofuata. Omba pia jina la aliyepakua, tarehe ya kupakua na sababu iliyoandikwa wakati huo. Maneno ya kukatwa yanaweza kuwa ya kweli na bado yakawa yamepoteza maana yake, na karatasi iliyochapwa peke yake haionyeshi ni nani aliyeikata.